"Hapa" Haifiki kwa Daktari

Msimu mmoja wa korosho nilikuwa Mtwara mjini, natafsiri kwa simu kati ya daktari wa Dar es Salaam na kijana kibarua kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kijana alikuwa shambani Tandahimba na anajua Kimakonde tu. Simu aliishika mzee mwenye shamba. Daktari aliuliza panapouma. Kijana akajibu, "Hapa," nami nikatafsiri vivyo hivyo. Kumbe ameonyesha kwa mkono, na mimi na daktari hatumwoni.

Nikamwomba mzee aseme anachokiona. "Tumboni, chini, kushoto." Nikapeleka kushoto. Daktari akaendelea kuuliza, akasikia kwamba maumivu yalianzia kitovuni tangu alfajiri, yakashuka pembeni mchana, na hamu ya kula imekwisha. Akasita: "Hakikisha upande."

Mzee alikuwa ameketi mkabala na mgonjwa, akataja kushoto kwake yeye. Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe, kama ninavyofanya tangu siku hiyo: "Mdogo wangu, inua mkono unaotumia kula. Panauma upande wa mkono huo au ule mwingine?" Ilikuwa kulia. Nikamwambia daktari waziwazi kwamba kushoto lilikuwa kosa, na limetokea vipi, ili alifute alipoandika. Ukirekebisha kimyakimya, daktari anabaki na majibu mawili na hajui ashike lipi.

Halafu ikabaki sehemu yenyewe. "Tumbo chini" ni pana mno. Nilimwambia kijana aweke kidole kimoja kitovuni na kingine kwenye mfupa unaochomoza nyongani upande huohuo, kisha aseme panauma zaidi karibu na kipi. Akasema karibu na mfupa. Daktari alikuwa anapatafuta hapo: theluthi moja ya njia kutoka mfupani kwenda kitovuni ndipo kidole tumbo kikivimba huuma sana kikiguswa. Muulize pia kama anaonyesha kwa ncha ya kidole au kwa kiganja kizima, na jibu hilo lipeleke kama lilivyo, kwa sababu maumivu ya mahali pamoja si sawa na yaliyotapakaa.

Daktari akaomba akohoe. Nilisikia kikohozi kifupi kikikatika, kisha mguno. Mgonjwa hakusema neno, lakini mguno nao ni jibu, nikaupeleka: "Amekohoa mara moja, akaguna, akaacha." Usiugeuze kuwa "anasema panauma sana." Hakusema hivyo, na kupima ukali ni kazi ya daktari.

Kwa simu haikuwezekana kwenda mbali zaidi ya hapo, maana tumbo lazima libonyezwe kwa mkono wa mtaalamu. Daktari akaagiza apelekwe hospitali usiku uleule, asile wala kunywa kitu njiani, kwani huenda akahitaji upasuaji. Mzee alikuwa ameshabandika uji. Nikamweleza sababu yote, mpaka nikasikia sufuria ikiepuliwa.