Mawazo usiku: yape muda wake kabla ya kitanda

"Nikizima taa tu, mawazo yanaanza: ada ya mtoto, kodi, kazi. Saa nane usiku bado nakodoa macho. Nifanyeje?"

Pole sana, ndugu yangu. Anza mapema, kama saa moja jioni. Kaa mezani na daftari kwa dakika 15, andika kila kinachokusumbua, na pembeni yake hatua moja ya kesho. Mfano: "Ada. Kesho saa nne nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu mbili." Lisilo na hatua, andika "halina la kufanya leo". Likirudi usiku, lina mahali pake tayari.

Saa moja kabla ya kulala, weka simu mbali na kitanda na upunguze mwanga. Chai na kahawa ziishie mchana. Panda kitandani usingizi ukikujia, si kwa sababu saa imefika.

Ukihisi umekaa macho kama dakika 20, toka kitandani (usitazame saa, inaongeza hofu). Keti kwenye mwanga hafifu, kunja nguo, urudi ukisinzia. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa siku za mwanzo uchovu huzidi. Hata hivyo amka saa ileile kila asubuhi, na usifidie kwa kulala mchana.

Usijinunulie dawa za usingizi. Baadhi huleta utegemezi. Hali ikikurudia usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, au ikikuharibia kazi mapema zaidi, muone daktari. Ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali leo hii, usiende peke yako.