Mteja akitaka ikatwe kwenye debiti, mwambie achomeke kadi

Kadi nyingi tunazopokea hapa mapokezini Mwanza ni za debiti tupu, hazina maneno. Shughuli huanza na wageni wanaopita kwenda Serengeti, hasa wa kutoka Brazil, ambako ni kawaida benki kutoa kadi moja yenye debiti na mkopo kwenye chipu ileile. Mgeni anagusisha, mashine inalia, risiti inatoka, halafu anakuuliza: "Mbona mmekata kwenye mkopo? Nilitaka debiti."

Ndani ya chipu hiyo kuna programu mbili, kila moja na namba yake (kwenye risiti huandikwa AID), jina lake na kipaumbele chake. Kadi ikichomekwa, kwa kawaida mashine husoma kwanza orodha iitwayo `1PAY.SYS.DDF01`, kisha huilinganisha na namba ambazo benki iliyotoa mashine imeziweka humo. Zinazolingana zinabaki, nyingine zinaachwa.

Chukua mfano wa Visa. Mashine ina `A0000000031010`. Kadi ya mgeni ina `A000000003101001` yenye jina CREDIT, kipaumbele cha 1, na `A000000003101002` yenye jina DEBIT, kipaumbele cha 2. Mashine ikiwa imeruhusiwa kulinganisha mwanzo tu wa namba, zote mbili zinapita. Hapo kama ina uwezo wa kumwachia mteja achague, itaonyesha majina yote mawili, CREDIT likiwa juu. Kama haina, inachukua ya 1 kimyakimya, na mgeni anaona kama wewe ndiye uliyemchagulia. Kumbe aliyepanga 1 na 2 ni benki yake huko kwao.

Kugusisha ni habari nyingine. Mashine husoma `2PAY.SYS.DDF01`, na kwa kawaida huchukua moja kwa moja yenye kipaumbele cha juu bila kuuliza, maana ikingoja jibu mteja atakuwa ameshaondoa kadi. Ndiyo maana mgeni akitaja tu neno debiti, mimi humwomba achomeke.

Risiti ikitoka, soma jina la programu kabla hujaikabidhi. Usitegemee namba peke yake: `A0000000031010` hutumika kwa Visa ya debiti na ya mkopo pia. Ikiwa imekata pasipotakiwa, futa muamala huo palepale kabla hujafunga mahesabu ya siku, kisha mgeni achomeke upya. Ukishafunga, inabidi urudishe fedha, na hizo humfikia mgeni baada ya siku kadhaa, pengine yuko Seronera anakupigia simu.

Na kama kadi imechomekwa, ina programu mbili, na bado hamjaona orodha yoyote kwenye kioo, msihangaike na vitufe. Huo ni mpangilio ndani ya mashine, na mwenye kuubadilisha ni benki iliyowapa. Ukiwapigia, usiseme "mashine mbovu", watakuletea waya mpya wa chaji. Sema haimpi mteja orodha ya kuchagua programu ya kadi.