Mstari bapa kwenye grafu ya kasi na muda

"Mstari ukiwa bapa, si basi limesimama? Mwalimu kanikata maksi."

Hapana, ndugu. Soma kwanza mhimili wima: kama umeandikwa kasi, mstari bapa ni kasi isiyobadilika. Basi limesimama pale tu mstari unapolala kwenye sifuri. Ulichoeleza ni cha grafu ya umbali.

Tuseme basi linapanda toka 0 hadi 20 m/s kwa sekunde 10, linabaki hapo sekunde 30, kisha linashuka hadi 0 kwa sekunde 5. Kupanda: 20 ÷ 10, mchapuko 2 m/s². Kushuka ni breki, si kurudi nyuma: 20 ÷ 5, linapungua 4 m/s², ndiyo maana mstari ni mkali zaidi.

Umbali ni eneo chini ya mstari: pembetatu 100, mstatili 600, pembetatu 50, jumla mita 750. Wengi husahau nusu kwenye pembetatu. Kama kasi iko kwa km/h na muda kwa sekunde, badili kwanza.