Barua iliyorudi na alama ya kuuliza

SWALI LA WIKI: Je, umewahi kuiandikia halmashauri barua ya kuomba kibali cha maandamano ya dini barabarani? Uliandika nini, na ni kitu gani kilikwamisha?

Mimi ni katibu wa kamati ya liturujia katika parokia moja mjini Morogoro, na barua ya Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu huwa naiandika mimi. Ya mwaka 2024 ilikuwa na mihuri yote, anwani zote, na "husika na kichwa cha habari hapo juu" mahali pake. Ndani yake palikuwa na sentensi hii: "Barabara itafungwa kwa muda mfupi, kuanzia saa 1:30 hadi saa 2:30 asubuhi." Ilipita bila swali. Ingekuwa heri kama ingekataliwa.

Siku hiyo, tarehe 29 Machi, ilipofika saa 2:30 askari wa usalama barabarani alitazama saa yake, akatuambia muda wetu umekwisha na ana kazi kwingine. Alikuwa na haki. Karibu theluthi mbili ya watu walikuwa hawajavuka barabara kuu. Waliokuwa katikati ya lami walikuwa wamepiga magoti, kwa sababu kituo cha saba, Yesu anaanguka mara ya pili, nilikiweka mita 80 tu baada ya makutano. Daladala zikaanza kupenya pembeni, honi zikashindana na nyimbo. Hakuna aliyeumia, lakini mama mmoja alipoteza kiatu na mimi nikapoteza usingizi.

Mwaka uliofuata nikaandika tena ile ile "kwa muda mfupi". Safari hii ofisa aliyeipokea aliizungushia kalamu nyekundu, akaweka alama ya kuuliza pembeni, akanirudishia. Hapo ndipo nilipokaa chini na mkanda wa kupimia.

Njia yetu ina kilomita 2.4. Watu wakitembea wakiimba, na wazee wakiwa mbele, hawazidi mita 50 kwa dakika, kwa hiyo mwendo peke yake ni dakika 48. Kila kituo kina somo, tafakari, sala na wimbo, yaani dakika nne padre asipoongeza la kwake. Vituo ni 14, kwa hiyo dakika 56 nyingine. Jumla ni dakika 104. Mimi nilikuwa nimeomba 60! Nilihesabu miguu nikasahau magoti.

Halafu nikapima urefu wa msafara wenyewe. Tulikuwa watu kama 600. Wakienda wanne wanne, ni safu 150, na kila safu inahitaji mita moja na nusu. Kutoka msalaba wa mbele hadi mtu wa mwisho ni mita 225. Kwa mwendo wetu, mita hizo zinavuka makutano kwa dakika nne na nusu, bora wasisimame wakiwa katikati. Kumbe balaa la mwaka 2024 halikutokana na ukubwa wa umati. Kichwa kiliposimama mita 80 ng'ambo ya barabara, mita 145 za watu zilibaki juu ya lami na nyuma yake. Basi nikakisogeza kituo cha saba hadi mita 260 baada ya makutano, penye uwanja wa shule. Mkia wote unakuwa umevuka kabla ya goti la kwanza kugusa ardhi. Cha sita nikakiacha mita 40 kabla ya barabara, watu wakusanyike pale na kuondoka pamoja.

Barua ikabadilika. Badala ya kuomba njia nzima ifungwe, aya ya katikati ilisema hivi:

"Tunaomba barabara kuu ifungwe mahali tunapoivuka tu, kwa dakika zisizozidi 10, kati ya saa 2:10 na saa 2:35 asubuhi. Tunakadiria kufika hapo saa 2:14. Katika barabara za mitaa tutatumia upande mmoja, na upande wa pili utabaki wazi kwa magari ya pande zote kwa zamu. Maandamano yanaanza saa 1:30 na yanatarajiwa kumalizika saa 3:15. Tunaomba kibali hadi saa 3:45."

Nusu saa ya ziada niliiandika waziwazi. Ukiificha, ukichelewa unaonekana umedanganya.

Kuhusu usalama sikuandika "tutahakikisha usalama", kwa kuwa maneno hayo hayasimami njiani kuzuia bodaboda. Niliandika kwamba vijana 24 wa VIWAWA watavaa vizibao vya kuakisi mwanga: wanne kwenye barabara kuu, wawili wawili kwenye njia panda tano ndogo, na kumi waliobaki wakitembea upande wa magari. Nyuma kabisa, mtu mmoja wa kamati mwenye bendera nyekundu ndiye mkia. Akishavuka anainyanyua, na askari anajua kwamba hakuna mwingine anayekuja. Nyuma yake inafuata bajaji ya kuwabeba watakaochoka, na muuguzi ana sanduku la huduma ya kwanza. Mchoro wa njia niliambatisha kwenye ukurasa wake, vituo vyote vikiwa na namba. Nadhani mchoro huo ulisomwa kuliko barua.

Sasa, barua inaelekezwa wapi? Hapa wengi tunapoteza wiki. Halmashauri inaweza kukubali maandamano yako, lakini lami si yake yote. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Njia yetu inagusa zote mbili. Kwa hiyo barua inakwenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, na nakala kwa wakala wote wawili. Polisi wanapata barua yao peke yake, kwa sababu kisheria kule unatoa taarifa, tena kwa maandishi, saa 48 au zaidi kabla ya tukio. Saa 48 ni za sheria. Mimi hupeleka zote wiki tatu kabla, maana mtendaji naye huenda kikaoni.

Tarehe iandike pamoja na mwaka wake na jina la siku. Ijumaa Kuu inahama kila mwaka, na karani anayefungua faili la zamani anaweza kukupangia askari wa tarehe ya mwaka jana.

Barua moja hailazimishwi na ofisi yoyote, lakini kwangu haikosekani: ya kwa imamu. Njia yetu inapita mbele ya msikiti wa Ijumaa, na mwaka 2022, 2023 na 2024 Ijumaa Kuu iliangukia ndani ya Ramadhani. Namweleza saa tutakayopita, na kwamba spika tutazizima kuanzia kona ya kwanza hadi ya pili. Kwa kuwa tunamaliza kabla ya saa nne, hatukutani na watu wa swala ya Ijumaa.

Kibali cha mwaka 2025 kilikuja na sharti moja, kwamba koni tujitafutie wenyewe. Tuliziazima kwa fundi mmoja wa barabara, muumini wetu. Tarehe 18 Aprili msalaba uligusa lami ya barabara kuu saa 2:19, dakika tano nyuma ya makadirio, kwa sababu ya tafakari ndefu ya kituo cha nne. Bendera nyekundu ilinyanyuliwa saa 2:26. Askari akapuliza filimbi, daladala zikaondoka.

Katibu wa kamati, Morogoro