Fataha katika mastaajabu, dhuma katika nima

“Kwa nini tunasoma ‘ma ahsana s-samaa-a’ kwa fataha, ilhali ‘nima r-rajulu Zaidun’ kwa dhuma?”

Ndugu yangu, katika tamko la mastaajabu la Kiarabu, kama hilo la “mbingu ni nzuri ilioje!”, “ma” ni mubtada, yaani neno linaloanza jumla na kutolewa habari, yenye maana ya “kitu”, na “ahsana” ni kitendo cha wakati uliopita ambacho mtenda wake ni dhamiri, yaani kiwakilishi, iliyofichika inayorejea kwenye “ma”. Kwa hiyo mbingu ndiyo inayotendwa, yaani kitu fulani kimeifanya iwe nzuri. Husimuliwa kwamba binti wa Abul Aswad, mwanasarufi wa Kiarabu, alikusudia kustaajabu, lakini akatamka “ma ahsanu s-samaa-i”, na baba yake akamjibu, “Nyota zake”, kwa kuwa kwa irabu hizo maneno yaligeuka swali: “Ni kipi kizuri zaidi cha mbingu?”

Katika “nima” ya kusifu, kama “Zaidi ni mtu mwema mno”, na vilevile “bisa” ya kulaumu, “r-rajulu” ni mtenda, naye Zaidi ndiye anayesifiwa: wengi humwirabu mubtada iliyocheleweshwa, na jumla iliyotangulia ikawa khabari yake, yaani maelezo juu yake. Mtenda akifichwa, hufuata nomino yenye fataha ya kumbainisha, kama “bisa lidhalimina badala” katika Suratul Kahf, aya ya 50. Anayesifiwa naye huachwa akijulikana: “nimal abdu”, aya ya 30 ya Sad, humkusudia Suleiman aliyekwisha kutajwa.