Premio inayokula oili au Vitz ya milioni tano na nusu? Hesabu yangu yote

Fundi akikutajia milioni mbili na nusu za kufufua gari lililochoka, mkono wenyewe unakwenda kwenye simu kutafuta magari ya bei poa. Hesabu inayopigwa hapo ni fupi: nauza langu kama lilivyo, naongeza kidogo, nachukua jingine. Mwaka jana niliipiga hesabu hiyo kwa utulivu, kila shilingi kwenye karatasi, na majibu yakawa tofauti na nilivyodhani.

Gari langu ni Premio ya 2002, namba B, injini 1ZZ-FE ya cc 1,800. Wenye injini hii wanaujua ugonjwa wake. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni za matoleo ya mwanzo ni madogo, yakiziba kwa uchafu ringi za oili zinaganda, na oili inaanza kuungua pamoja na petroli. Chini ya gari huoni tone, ila kila ukipima oili imepungua, na asubuhi ukikanyaga mafuta bomba linatoa moshi wa bluu. Kupima ni rahisi: jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita, angalia tena baada ya kilomita 1,000. Langu lilikuwa linamaliza zaidi ya lita moja. Fundi akipima kompresheni anaweza kukuambia injini ni nzima, kwa sababu ringi za kompresheni ni nyingine na zenyewe zinaweza kuwa bado zinabana.

Kubadilisha ringi peke yake ni nafuu, lakini kama silinda zimeshachanika utashusha injini mara ya pili. Nikaamua kupigia hesabu injini ya mtumba kutoka Japani. Gerezani niliipata kwa 1,700,000. Ufundi, maunti, oili na vikorokoro vingine 350,000. Shokapu na bushi, ambazo zilikuwa zinalia muda mrefu, 400,000. Jumla 2,450,000.

Upande wa pili kulikuwa na Vitz namba C, cc 1,000, inauzwa 5,500,000. Premio yangu na moshi wake wateja walikuwa wanaishia 4,300,000. Kwa hiyo tofauti ni 1,200,000 tu, nusu ya gharama ya matengenezo. Hapa ndipo watu wengi wanapofunga daftari na kumpigia dalali.

Mimi niliendelea kuandika. Dalali wa kuniuzia Premio, 200,000. Kuhamisha umiliki TRA: ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, yaani 55,000, ada ya uhamisho 50,000 na kadi mpya 10,000, jumla 115,000. Fundi wangu kwenda kuikagua Vitz, 50,000. Bima ndogo, 118,000 pamoja na VAT. Halafu kuna kile ambacho muuzaji hakitaji: gari linalouzwa bei hiyo mara nyingi limeachwa bila kuhudumiwa tangu mwenyewe alipoamua kuliuza. Vitz ile ilikuwa na tairi zilizoisha, betri inayosuasua na pedi za breki zilizobaki kama karatasi. Nikaitengea 900,000 ya miezi ya mwanzo. Jumlisha na ile tofauti ya bei: 2,583,000.

Kwa hiyo zile njia mbili, moja iliyoonekana nusu ya nyingine, zimelingana. Hata Vitz imezidi kidogo.

Sasa bima na leseni, maana ndipo maswali yanapokuja. Bima ndogo haijali gari ni kuukuu au jipya, wala ni Premio au Vitz. Kwa gari la binafsi ni 118,000 kwa mwaka kote kuwili. Tofauti ni kwamba mimi bima yangu ilikuwa bado na miezi kadhaa, na ukinunua gari usiihesabu bima ya muuzaji kuwa yako, kwani ule ni mkataba wake na kampuni yake. Bima kubwa ndiyo inayofuata thamani, kwa kawaida asilimia 3.5 ya bei ya gari kabla ya VAT. Kwa gari la milioni tano au sita binafsi siikati. Nyingi ya ajali za foleni ya Dar ni mikwaruzo ambayo fundi wa bodi anaimaliza mwenyewe.

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita. Maana yake leseni unailipa pampuni, na mwenye gari linalokunywa sana analipa zaidi. Shilingi 40 zenyewe si kitu. Zinakuelekeza tu mahali pa kuangalia, kwa sababu kwenye mafuta ndiko mshindi anakopatikana.

Premio yangu kwenye foleni inakwenda kama kilomita 9 kwa lita. Vitz ya mtu ninayemfahamu inakwenda 13. Chukua lita kwa shilingi 3,000 (bei za EWURA hubadilika kila mwezi, weka ya kwako). Anayeendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, Vitz inamwokolea kama lita 410 kwa mwaka, sawa na 1,230,000. Shemeji yangu anatoka Kibaha kila siku kuja mjini. Nilimwambia achukue Vitz, na alichukua.

Mimi nakaa Kimara, kazini nakwenda kwa mwendokasi, gari ni la sokoni, misibani na Jumapili. Kilomita 400 kwa mwezi. Kwangu Vitz ingeokoa kama 490,000 kwa mwaka. Ni pesa, sikatai, lakini naiona ni bei halali ya kukaa na gari ambalo giaboksi yake naijua. Giaboksi ya Vitz ile ingekufa mwezi wa tatu, akiba yote ya mafuta ingeondoka nayo. Na watoto watatu na bibi yao hawaingii kwenye Vitz bila ugomvi. Ila kama bodi ya Premio ingekuwa imeoza kwa chumvi ya baharini, au giaboksi ingeanza kuchelewa kushika gia, nisingeweka injini hata kwa nusu bei.

Ukielekea kwenye gari jingine, kabla ya kulipa ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki, tms.tpf.go.tz, uone faini zinazodaiwa, uliza na deni la maegesho la TARURA. Deni linasoma namba ya gari, na gari likishakuwa lako utasumbuliwa wewe. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Na ukiona Premio au Noah ya bei ya kushangaza, funua boneti: ikiwa imeandikwa D-4, pampu na nozeli zake za presha kubwa ndizo zilizoshusha bei.

Ukielekea kwenye injini ya mtumba, kwa 1ZZ-FE tafuta ya gari la 2005 kuja juu, zenye pistoni zilizorekebishwa, la sivyo unanunua ugonjwa uleule. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta matope meusi yameganda, nenda duka jingine. Dai risiti yenye namba ya injini, kwa sababu namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari na lazima TRA waibadilishe. Fanya hivyo wiki hiyohiyo. Siku utakayotaka kuuza, mnunuzi makini atafunua boneti na kadi mkononi.