Maziwa ya jioni na kuamka usiku

"Mtoto wangu ana miezi 4, anatumia maziwa ya kopo, anaamka usiku kila mara. Nikimjaza jioni atalala?"

Si sana. Kinachohesabika ni jumla ya saa 24, takriban mililita 150 kwa kila kilo. Wa kilo 6 anahitaji kama 900. Akiwa anaishia 600 mchana, njaa ya usiku ni ya kweli, basi ongeza chupa za mchana. Akishafikia kiasi chake, kumjaza jioni huleta kucheua tu, na bado ataamka. Akinyonya kidogo na kusinzia, huenda si njaa. Na ukishauriwa kuzidisha kijiko cha unga wa maziwa kwenye chupa ili alale, tafadhali usifuate: maziwa mazito humkausha maji mwilini.